Maoni: Tangazo la kolera likatwe wapi?

Kila mara kolera inaporudi kwenye miji yetu ya kando ya ziwa, matangazo yanaanza kuzunguka. Yanabandikwa kwenye ukuta wa biro ya kata, yanasomwa kanisani na msikitini, yanapita redioni, yanapigwa picha na kutumwa kwenye vikundi vya WhatsApp. Karibu yote ni marefu. Na karibu kila pahali yanapofika, kuna mtu anayeyafupisha: mwandishi wa habari mwenye dakika moja tu ya redio, shefu wa avenyu mwenye kipaza sauti, mama anayemwelezea jirani yake aliyekosa kusoma.

Swali langu leo ni hili: mtu huyo akate nini? Ninadai kwamba wengi wetu, na sisi wanahabari tukiwa mbele, tunakata upande usiofaa. Sababu yake si uvivu. Tunatumia kwa tangazo kanuni iliyotengenezwa kwa ajili ya habari.

Mwanafunzi yeyote wa uandishi wa habari anafundishwa kupanga habari kama piramidi iliyogeuzwa. Jambo kubwa linakaa juu, maelezo madogo yanashuka chini. Nafasi ikipungua, mhariri anakata kuanzia chini, na msomaji hapotezi kitu kikubwa. Kwa habari, kanuni hiyo ni nzuri, kwa sababu msomaji wa habari anataka kujua: nani kafanya nini, wapi, lini. Lakini tangazo halikuandikwa ili mtu ajue tu. Liliandikwa ili mtu afanye kitu ambacho asingefanya kama hangelisoma. Na kwa desturi ya ofisi zetu, kitu hicho kinakuja mwisho, baada ya sheria, historia na mikutano. Ukikata chini, umekata kazi yenyewe.

Tuchukue mfano. Tangazo hili nimeliunda mwenyewe, lakini ndugu msomaji atatambua sura yake. Lina sentensi kumi na moja.

Ya kwanza inataja sheria na barua za viongozi ambazo tangazo linazitegemea. Ya pili inajulisha wakaaji wote kwamba wagonjwa wa kolera wameonekana ndani ya zone ya afya. Ya tatu inaeleza kwamba kolera inaletwa na kijidudu kinachoingia mwilini kwa njia ya maji na chakula. Ya nne inakumbusha kwamba ugonjwa huu umekuwa ukirudi katika mashariki ya nchi tangu miaka ya 1970. Ya tano inasema kikao cha dharura kilifanyika, na inataja waliohudhuria.

Ya sita inaomba wakaaji wazingatie usafi wa mwili na wa mazingira. Ya saba inasema maji ya ziwa yanaweza kubeba ugonjwa hata kama yanaonekana masafi. Ya nane inasema vidonge vya kusafisha maji vinagawiwa bure kwenye kituo cha afya, kidonge kimoja kwa bidoni ya lita 20, na kusubiri dakika 30. Ya tisa inasema mtu anayeharisha maji-maji apelekwe haraka kwenye kituo, na kwamba matibabu ni bure. Ya kumi inaomba waganga watume ripoti kila siku. Ya kumi na moja inashukuru washiriki wote.

Sasa mpe tangazo hili mtangazaji ambaye nafasi yake inatosha sentensi tano tu. Akifuata kanuni ya habari, atabakiza zile tano za kwanza. Msikilizaji atajua kwamba kolera iko, inaletwa na kijidudu, ni ya zamani, na viongozi wamekutana. Kisha atachota maji ziwani na kuyanywa kama jana. Hakuna neno moja la uongo lililosemwa, na tangazo limekufa.

Njia ya kukata vizuri ni kupita sentensi moja baada ya nyingine na kuuliza swali moja: mtu akimaliza kusoma hii, mikono yake au miguu yake inafanya nini? Sentensi ya nane ina jibu: anaenda kutafuta kidonge, anakitia ndani ya bidoni, anasubiri. Ya tisa ina jibu pia: anabeba mgonjwa na kwenda. Ya kwanza, ya nne, ya tano na ya kumi na moja hazina jibu lolote. Hizo zinaondoka bila majuto. Ya kumi ina jibu, lakini mikono inayofanya si ya mkaaji, ni ya mganga. Hiyo nayo inaondoka na kwenda ndani ya barua ya waganga.

Mpaka hapo kazi ni rahisi. Ugumu unaanza kwa sentensi mbili zinazodanganya macho.

Ya kwanza kati ya hizo ni ile ya sita: “wakaaji wazingatie usafi.” Inafanana na amri, ina kitenzi, inaonekana ni ya kufanya. Lakini jaribu kuitekeleza. Utaanzia wapi? Saa ngapi? Utajuaje kwamba umemaliza? Hakuna anayeweza kujibu, kwa sababu sentensi hiyo haina kitendo ndani yake. Ni jina la kikapu chenye vitendo vingi. Ama uifungue na kutoa kitendo kimoja, kwa mfano kunawa mikono kwa sabuni, au kwa jivu kama sabuni haiko, kabla ya kushika chakula na baada ya kutoka chooni. Ama uiondoe kabisa. Kuiacha kama ilivyo ni vibaya kuliko kuiondoa, kwa sababu inachukua nafasi na kumpa aliyeandika hisia kwamba ameshaeleza watu cha kufanya.

Ya pili ni ile ya saba, na hapa ndipo watu wenye haraka wanakosea kwa upande mwingine. Sentensi inasema maji masafi kwa macho yanaweza kuwa na ugonjwa. Ukiuliza lile swali la mikono na miguu, haina jibu. Ni jambo la kujua tu. Basi ikatwe? Hapana. Fikiria mkaaji anayechota maji ya Kivu asubuhi, maji yanayoonyesha mawe yaliyo chini. Umemwambia atie kidonge ndani ya maji ya kunywa. Moyoni mwake anajibu: vidonge ni vya maji machafu, haya yangu ni masafi. Ataweka kidonge kwenye rafu na kukitunza kwa siku ya mvua, wakati maji yatakapochafuka. Ile sentensi ya kujua ndiyo iliyoshika ile ya kufanya. Ukiitoa, kitendo kinaanguka.

Kwa hiyo mafungu si mawili, ni matatu. Kuna ya kufanya. Kuna ya kujua ambayo bila hayo mtu hatafanya, au atafanya vibaya. Na kuna ya kujua tu. Linaloondoka ni hilo fungu la tatu peke yake. Ili kutofautisha la pili na la tatu, swali linabadilika kidogo: mtu akikosa kujua hili, atakwama wapi? Kama hutaonyesha pahali atakapokwama, kata.

Neno “bure” linaonyesha vizuri jambo hili. Mwandishi anayetafuta nafasi anaweza kuliona kama habari ya bajeti. Lakini mama mwenye mtoto anayeharisha usiku anahesabu franka kabla ya kuhesabu hatari. Anajiambia nitasubiri asubuhi, nitakopa kwa shemeji. Kolera haisubiri asubuhi. Mgonjwa anaweza kukauka na kufa ndani ya masaa machache tu. Herufi nne za neno hilo zinaweza kumtoa mama nyumbani saa hiyo hiyo, na zina uzito kuliko aya nzima juu ya kijidudu.

Hata jina na muhuri wa anayetangaza ni vya fungu la pili. Hakuna anayefanya kitu kwa muhuri, lakini kwenye simu zetu mna matangazo mengi ya uongo, na tangazo lisilo na mwenyewe linatupwa pamoja nayo. Mstari mmoja wa jina na kazi unatosha. Orodha ya waliohudhuria kikao haiongezi imani hiyo hata kidogo.

Jambo lingine ambalo njia hii inafunua ni mapengo. Ukifuata kitendo hatua kwa hatua, utaona kwamba tangazo refu la sentensi kumi na moja lilikosa maneno ambayo msomaji anayahitaji. Kidonge kimoja kinatosha bidoni ya lita 20 kama maji ni masafi kwa macho. Maji yenye matope yanachujwa kwanza kwa kitambaa safi, kisha yanatiwa vidonge viwili. Tangazo halikusema. Maji yaliyotiwa dawa yananuka kloro. Mtu asiyeambiwa ataonja, atasema yameharibika, atayamwaga na hatarudia tena. Tangazo halikusema. Pia vidonge haviko vya aina moja. Vile vya miligramu 67 ndivyo vya bidoni ya lita 20, lakini viko vidogo zaidi, vya maji machache. Anayegawa vidonge lazima ahakikishe kwamba hesabu iliyo kwenye tangazo inalingana na kile anachotoa, na mkaaji aangalie kilichoandikwa kwenye karatasi yake.

Tena, kwa mgonjwa, tangazo lilisema apelekwe, bila kusema anywe nini njiani. Safari ya kwenda kituoni inaweza kuchukua saa nzima kwa mguu au kwa kumngoja motari. Ndani ya saa hiyo mwili unazidi kupoteza maji. Anapaswa kuanza kunywa palepale ile chumvi ya pakiti inayokorogwa ndani ya lita moja ya maji safi, na kuendelea kunywa njiani. Kama pakiti haiko, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari, na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vya kusawazishwa, si vya kulundika. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Kukata vizuri, basi, kunaachia nafasi maneno yaliyokosekana.

Hivi ndivyo tangazo lile linavyobaki:

“Kolera iko katika kata yetu. Kuanzia leo tia kidonge ndani ya maji yote ya kunywa, hata maji ya ziwa yanayoonekana masafi, kwa sababu ugonjwa hauonekani kwa macho. Kidonge kimoja kwa bidoni ya lita 20. Funika, subiri dakika 30, ndipo unywe. Maji ya matope: chuja kwa kitambaa safi, tia vidonge viwili. Harufu ya dawa ni ya kawaida, haidhuru. Vidonge ni bure kwenye kituo cha afya, kila siku, asubuhi mpaka jioni. Mtu akiharisha maji-maji, mpe palepale maji yenye chumvi ya pakiti, na mlete kituoni saa hiyo hiyo, hata usiku. Endelea kumnywesha njiani. Matibabu ni bure. Daktari mkuu wa zone ya afya.”

Nafasi ikipungua tena, kama ni dakika nusu ya redio, bado kuna mpangilio. Baki na mgonjwa kwanza, maana hapo kifo kiko karibu: anywe, aletwe, ni bure. Kisha kidonge, bidoni, dakika 30, na pahali pa kukipata. Mengine yatapita kwenye tangazo la ukutani.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini sikuweka kuchemsha maji, maana ni njia nzuri inayojulikana. Ni kweli, maji yaliyochemka sawasawa ni salama. Lakini kitendo ambacho msomaji hana uwezo nacho si kitendo kwake. Makala yanauzwa ghali, na familia ya watu wanane haiwezi kuchemsha kila siku maji yote inayokunywa. Pahali ambapo vidonge vinagawiwa, nitataja vidonge. Siku vikiisha kituoni, tangazo libadilishwe na kuchemsha kurudi. Ukipanga njia nne pamoja, msomaji atachagua ile isiyomsumbua, au hatachagua yoyote.

Sitaki mtu afikiri kwamba tatizo ni la kolera peke yake. Wakaaji wa Goma wanakumbuka tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya Nyiragongo kulipuka, gavana wa kijeshi Constant Ndima alipotangaza kwamba kata 10 kati ya 18 za mji zinapaswa kuondoka, kwa njia ya kuelekea Sake. Ndani ya tangazo la namna hiyo, maelezo ya lava iliyo chini ya mji yanavuta masikio kuliko yote. Lakini majina ya kata, ambayo mwandishi wa habari angependa kuyafupisha kwa kuandika “kata kadhaa,” ndiyo yanayomwambia mtu kama yeye ni wa kuondoka au wa kubaki. Orodha inayochosha kusoma inaweza kuwa ndiyo moyo wa tangazo. Aliye ndani ya kata 10 anataka njia na mzigo wa kubeba. Aliye ndani ya zile 8 naye anahitaji sentensi yake, la sivyo atafuata umati.

Kuna pingamizi moja ninaloliheshimu. Watasema: mwananchi ana haki ya kujua. Ukiondoa idadi ya wagonjwa, sheria, kikao na historia, unamfanya kuwa mtu wa kupokea amri tu. Na katika mashariki yetu tumeona amri zisizoelezwa zinavyopokelewa. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, mashaka ya wakaaji yalikuwa sehemu kubwa ya ugumu wa kupambana na ugonjwa. Watu walitaka kujua kwa nini, na nani anafaidika.

Ninakubali sehemu ya pingamizi hilo, na ndiyo maana fungu la pili lipo. Pahali ambapo mashaka ndiyo yanayozuia mikono, basi “kwa nini” inapanda juu na kupewa mistari yake. Kama watu wa kata fulani wanasema kidonge kinaleta utasa, sentensi inayojibu uvumi huo haikatwi hata kama nafasi ni ndogo. Lakini idadi ya wagonjwa, pesa zilizotumika, na kama kikao kilifika pahali au la, ni mambo ya kuulizwa kwa kina ndani ya makala ya habari, ambapo mwandishi anaweza kuyahakiki na kuuliza viongozi maswali magumu. Ndani ya tangazo hakuna anayeyahakiki. Yanaandikwa pale kama mapambo, na mara nyingi yanamtumikia kiongozi anayetaka kuonekana amefanya kazi. Haki ya kujua inahitaji karatasi yake, na haiheshimiwi kwa kufichwa kati ya kidonge na bidoni.

Namna ya kuhakikisha kama umekata sawasawa haihitaji pesa. Kabla ya kubandika, msomee tangazo mtu mmoja wa avenyu, kisha wa pili, kisha wa tatu, wasiofanya kazi ya afya. Ficha karatasi. Usimuulize “umeelewa?” maana kwa adabu yetu kila mtu atajibu ndiyo. Muulize: “Leo jioni, ukifika nyumbani, utafanya nini?” Akijibu “nimesikia kolera iko,” tangazo lako bado ni habari. Akijibu “nitapita kituoni kuchukua kidonge,” muulize ngapi kwa bidoni na asubiri muda gani. Pahali atakaposita, sentensi yako ndiyo mbovu. Iandike upya na umsomee mtu mwingine ambaye hajaisikia.

Kwa wenzangu wa redio na wa kurasa za mtandao, ninapendekeza jambo moja. Komunike ikifika, tusiisome kuanzia juu. Tuanze chini, tutafute vitenzi vinavyomhusu mkaaji, tuviweke juu pamoja na pahali, kipimo na saa. Kisha tumpigie simu aliyeandika na kumuuliza yale aliyoyasahau: maji ya matope yafanyweje, usiku kituo kiko wazi, vidonge vikiisha tufanye nini. Majibu yake yaingie pahali zilipokaa salamu na shukrani.